Yule Mvuvi Hakuwa Wangu

Mwaka jana, wiki ya maonyesho ya idara, niliuza mchoro wangu wa kwanza. Mwenye mgahawa mmoja mjini alipita, akasimama, akauliza bei. Nikataja laki moja na nusu huku nikijiandaa kushuka hadi themanini. Hakubishana. Akatoa hela palepale, akasema atautuma mtu auchukue maonyesho yakiisha. Kwa mtu ninayeishi kwa bumu, na bumu lenyewe lilikuwa limechelewa wiki ya tatu, nadhani mnaelewa nilivyolala usiku ule.

Mchoro ulikuwa wa mzee mvuvi anayeshona wavu. Niliuchora kwa rangi za akriliki kwenye turubai ya sentimita 60 kwa 80. Uso wake niliugawa vipande vya rangi bapa: shavu la kushoto chungwa, paji la uso zambarau, na nyuma yake bahari ya manjano. Watu walisimama kuuangalia. Mwalimu wetu mmoja alisema nimeanza kupata sauti yangu. Pembeni kulikuwa na kikadi chenye jina la mchoro, jina langu na mwaka wa masomo. Basi.

Siku ya tatu akaja kaka mmoja anayesoma uandishi wa habari, ambaye jioni huwa anapiga picha za mahafali ili apate ya kula. Tunafahamiana, tumeshakaa sana kimbweta kimoja. Akauangalia mchoro muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Dada, hii ni picha yangu."

Nikamjibu haraka, maana jibu nilikuwa nalo tayari, "Siyo picha kaka, ni mchoro."

Akatoa simu. Picha ilikuwa ileile niliyoipiga skrini shoti kwenye status yake miezi miwili nyuma. Nikaichapisha steshenari kwa shilingi mia tano, nikaipigia gridi ya sentimita mbili mbili, nikapiga gridi kubwa kwenye turubai, nikahamisha mraba kwa mraba. Alinionyesha bila kupandisha sauti: kivuli cha kofia kinachokata paji la uso kwa mshazari, kitambaa alichofunga mzee kwenye dole gumba, uzi wa wavu alioubana kwa meno. Vyote vilikuwepo kwangu. Zambarau, lakini vilikuwepo.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Mimi nikienda leo kwa yule mwenye mgahawa na picha yangu kwenye fremu, atanunua?"

Nilikasirika. Nilijiambia kwamba sanaa yote ni kuchukua. Semista ile tulikuwa tumesoma jinsi wachoraji wa Ulaya walivyochukuliana, na hakuna aliyeitwa mwizi. Nikaamua nitaandika insha ya kozi kuhusu jambo hilo, nijitetee kwa marejeo. Ndivyo nilivyokutana na kesi iliyonigeuka mkononi.

Desemba 1981, mpiga picha wa Marekani anayeitwa Lynn Goldsmith alimpokea studio kijana mwanamuziki ambaye dunia ilikuwa bado haijamjua vizuri, Prince. Jarida la Newsweek ndilo lililomtuma. Goldsmith alipanga taa zake ili mifupa ya uso wa Prince ionekane, akampaka rangi ya kope na mafuta ya midomo ya kung'aa. Kijana alikuwa na aibu, hakukaa muda mrefu. Kilichobaki ni picha za studio ambazo Newsweek haikuzitumia. Jarida lilichapisha nyingine, ya jukwaani. Goldsmith akaziweka zake.

Mwaka 1984 Prince alikuwa amelipuka. Jarida la Vanity Fair likataka mchoro wake, likaomba kwa Goldsmith kibali cha kutumia picha moja kama kielelezo cha mchoraji. Alilipwa dola 400, kwa masharti: itumike mara moja tu, na jina lake litajwe. Mchoraji aliyepewa kazi alikuwa Andy Warhol. Warhol alikata mabega, akabakiza kichwa, akakikuza, akakihamishia kwenye skrini ya hariri, yaani kitambaa kilichowambwa ambacho wino unapenya pale tu penye picha, kisha rangi zikawekwa bapa kama bango. Prince wa zambarau akatoka jaridani mwezi Novemba, na jina la Goldsmith likatajwa. Mpaka hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Ila Warhol hakuishia kwenye ule mmoja. Kutokana na picha ileile alitengeneza kazi 16 kwa jumla, na Goldsmith hakuwa na habari. Warhol alifariki mwaka 1987, kazi zikabaki mikononi mwa taasisi yenye jina lake. Prince naye alipofariki Aprili 2016, kampuni inayomiliki Vanity Fair ilitoa toleo maalumu la kumbukumbu. Safari hii ilichukua Prince wa rangi ya chungwa, ikamweka jalada, ikailipa taasisi ya Warhol dola 10,000. Goldsmith hakupata senti wala jina. Aliliona jalada kama msomaji mwingine yeyote, akaijua picha yake.

Nilipofika hapo nikaacha kusoma kwa muda. Kile kivuli cha kofia kilikuwa kimerudi kichwani.

Alipolalamika, taasisi ndiyo iliyotangulia mahakamani mwaka 2017 kutaka itamkwe kwamba haikukosa. Mwaka 2019 ikashinda. Jaji alisema Warhol alimchukua kijana mwenye aibu akamgeuza kuwa nembo, kitu kikubwa kuliko mtu. Maana ya picha ilikuwa imebadilika. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikasema kinyume. Tarehe 18 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa Goldsmith ushindi, majaji saba kwa wawili.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoisoma kesi vibaya, nikiwemo mimi mara ya kwanza. Mahakama haikusema michoro ya Warhol ni haramu. Haikusema ishushwe kwenye kuta za makumbusho. Iliangalia tendo moja tu: kuipa gazeti ile ya chungwa mwaka 2016 kwa malipo. Jaji Sonia Sotomayor, aliyeandika hukumu ya wengi, hakuuliza kama maana imebadilika, aliuliza kazi ile imetumika kufanya nini. Jarida linatoa toleo la kumkumbuka mwanamuziki aliyefariki, linahitaji sura yake. Goldsmith anauza sura ya mwanamuziki huyo kwa majarida, ndiyo biashara yake. Na kweli, wakati uleule jarida la People lilimlipa dola 1,000 kwa picha yake nyingine ya Prince, kwa toleo la aina hiyohiyo. Picha ya Goldsmith na ya Warhol zilikuwa zimesimama kwenye foleni moja, mbele ya mteja mmoja, kwa kazi moja. Kubadilisha rangi hakukuzitoa kwenye foleni hiyo.

Swali la yule kaka, neno kwa neno. "Nikienda na picha yangu kwenye fremu, atanunua?" Ukuta wa mgahawa ni mmoja. Mvuvi akishatundikwa, nafasi ya mvuvi imejaa.

Hukumu ile ilitofautisha pia jambo ambalo lilinisaidia sana. Warhol yuleyule alichora makopo ya supu ya Campbell mwaka 1962, na hayo hayana shida. Kwa nini? Kwa sababu nembo ya supu ipo ili uuze supu, na mchoro hauuzi supu. Tena mchoro unaizungumzia nembo yenyewe, namna vitu vya dukani vilivyotuzoea machoni. Ukiondoa Campbell, mchoro haupo. Lakini kwa Prince, Warhol hakuwa na neno lolote kuhusu picha ya Goldsmith. Alihitaji uso wa Prince tu, na picha ile ilikuwa karibu.

Nikajiuliza kwa mvuvi wangu. Je, mchoro wangu ulikuwa unasema chochote kuhusu picha ya yule kaka? Hapana. Nilimhitaji mzee mwenye wavu. Feri ipo, nauli ya daladala ninayo, wazee wenye nyavu wamejaa asubuhi. Sikwenda kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshakwenda.

Lakini sikutaka kukata tamaa mapema, maana nilikuwa bado na silaha yangu, wachoraji wa zamani. Na kumbe Jaji Elena Kagan, mmoja wa wale wawili waliopinga, aliitumia silaha hiyohiyo. Kwenye maoni yake aliweka picha za michoro mitatu ya mwanamke aliyelala uchi. Kwanza ya Giorgione wa Venisi, ya mwaka 1510 hivi: mungu wa kike amesinzia kondeni. Halafu ya Titian, aliyefanya kazi karibu na Giorgione, ya mwaka 1538: mlalo ni uleule, mkono umewekwa palepale, ila sasa yupo chumbani, yuko macho, na mbwa mdogo amelala miguuni. Kisha Manet wa Paris, mwaka 1863, na mchoro wake Olympia: mlalo uleule kwa mara ya tatu. Hoja ya Kagan ni kwamba ukimbana Warhol kwa kigezo hiki, kesho utambana na Manet, na sanaa itabaki maskini.

Ni hoja nzito, na sidhani inafaa kupuuzwa. Ila nilikaa na Olympia jioni nzima, nikiikuza kwenye skrini ya simu, nikaona kitu. Manet alikuwa ameshainakili ile ya Titian kwa mkono wake, kule Florensi, akiwa kijana. Aliijua nje ndani. Na kwenye Olympia kila alichokibadilisha, alikibadilisha ili ukumbuke kilichokuwepo. Palipokuwa na mbwa, alama ya uaminifu wa ndoa, ameweka paka mweusi aliyeinua mgongo. Palipokuwa na wajakazi nyuma wakipekua sanduku la nguo, ameweka mtumishi mmoja mweusi anayeleta maua kutoka kwa mteja. Mkono wa Titian umelegea. Wa Olympia umebana. Na yule mwanamke si mungu tena. Ni kahaba wa Paris, anakuangalia usoni kama wewe ndiye uliyebisha hodi. Ilipoonyeshwa mwaka 1865 watu walichachamaa, na walichachamaa kwa sababu walimjua yule wa Titian. Manet alikuwa anawaambia: huyo mliyekuwa mkimwita Venus miaka yote, huyu hapa, na ana bei.

Mtazamaji asipomjua Titian, nusu ya mchoro wa Manet inapotea. Mtazamaji akimjua yule kaka, mchoro wangu wote unapotea. Tofauti iko hapo, na sikuipata kwenye kitabu; niliipata nikilinganisha Olympia na kikadi changu. Manet alitaka chanzo kionekane. Mimi nilikuwa naomba Mungu kisionekane.

Tena kuna nani aliye hai. Titian alifariki mwaka 1576. Hakuwa anasubiri kodi ya chumba. Hakuna jarida lililomwacha Titian likamchukua Manet kwa sababu Manet ni rahisi zaidi. Goldsmith alikuwa hai, ana studio, ana orodha ya bei. Kaka yetu naye yuko hai, analala hosteli ileile ya jirani.

Najua kuna atakayeniuliza, mbona Tingatinga? Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na mpaka leo Dar wapo wanaochora ndege na chui kwa mtindo wake, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na wengi wanakula kwa kazi hiyo. Wezi? Hapana. Yeye mwenyewe aliwafundisha ndugu na vijana waliomzunguka, na wanaoendeleza wanautaja kwa jina lake; mtindo mzima unaitwa yeye. Na sheria, yetu na ya Marekani pia, hailindi mtindo. Inalinda kazi: mchoro huu, picha hii, iliyokwisha kufanyika. Ningechora mvuvi yeyote kwa rangi bapa kama za Warhol, Warhol asingekuwa na cha kunidai. Nilichochukua mimi hakikuwa mtindo wa mtu. Nilichukua pembe aliyoichagua, mwanga alioungoja na sekunde aliyobonyeza.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitaja picha ya kamera waziwazi kama kazi inayolindwa, na inampa mtunzi haki ya kutajwa jina, mbali kabisa na habari ya pesa. Kwa hiyo hata ningeugawa mchoro bure, bado ningekuwa na deni la jina. Sisi wa ualimu hapa tunajikanyaga wenyewe. Ukinakili aya kwenye insha bila kumtaja mwandishi unaitwa kwenye kamati, unaweza kukamata supu ama kudisko kabisa. Ukinakili picha nzima unapigiwa makofi.

Basi nilimfuata. Nilimkuta kimbweta chetu, nikakaa bila kukaribishwa. Nilimwambia nimekosa, nikamweleza habari ya Goldsmith. Akacheka kidogo kwenye dola 400. Halafu akanieleza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: picha ile ilimchukua asubuhi tatu. Alikuwa anatoka hosteli saa kumi na moja alfajiri. Siku ya kwanza mzee alimfukuza. Siku ya pili walikunywa kahawa tu, kamera ikiwa begini. Siku ya tatu mzee mwenyewe alimwambia, "Haya mjukuu wangu, piga." Na baadaye alisafisha nakala moja akampelekea.

Alipomaliza sikujua niangalie wapi. Mimi yule mzee sikujua hata anaitwa nani.

Nilimpa elfu sabini na tano, nusu kwa nusu. Nusu nyingine nilikuwa nimeshaila, nilikopa kwa koz meti ili itimie. Alipokea, sikutarajia akatae na hakukataa. Kikadi nilikibadilisha siku ileile: jina langu, na chini yake, "kutokana na picha ya," jina lake. Jambo gumu zaidi lilikuwa kumpigia mwenye mgahawa. Nilimweleza, nikasema akitaka nitamrudishia hela. Akanyamaza, akauliza, "Huyo kijana ana picha nyingine?" Niliwaunganisha. Alinunua mbili. Mchoro wangu nao ulibaki ukutani, na kikadi chake kipya.

Msidhani mambo yalirudi kama zamani. Tunasalimiana vizuri, tunacheka, lakini status zake sasa zina jina lake limepita katikati ya picha, kubwa, juu ya nyuso za watu. Zinaharibika kidogo. Kila nikiliona najua limewekwa kwa ajili ya nani.

Mwalimu aliyesema nimepata sauti yangu aliisoma insha. Aliandika pembeni ya ile sehemu ya Kagan: "Na wewe je, ungemchora vipi mvuvi ili picha ya mwenzako ionekane?" Nimelifikiria sana hilo. Labda ningechora simu imeshikwa mkononi, na ndani ya simu ndiyo mvuvi, na nje ya simu chumba changu cha hosteli, neti ya mbu, sufuria, mimi niliyeona ni mbali kwenda Feri. Huo ungekuwa mchoro kuhusu picha yake, na kuhusu mimi. Bado ningemwomba ruhusa, lakini ningekuwa na la kumwambia nikimwomba.

Mafunzo kwa vitendo yaliponikuta kwenye sekondari moja mwaka huu, kijana wa kidato cha pili aliniletea simba wa katuni aliyemnakili vizuri mno, kila kitu mahali pake. Alisubiri nimsifu. Nilimsifu, maana mkono wake ni mzuri na kunakili ndiko wote tunakoanzia, Manet naye akiwemo. Kisha nikamwambia ageuze karatasi, aandike nyuma simba kamtoa wapi. Akaandika. Darasa zima sasa linaandika nyuma ya karatasi. Wiki ya nne kijana mmoja aliandika: "Nimemtoa kwa Juma wa dawati la mbele, naye kamtoa kwenye daftari." Nilimpa maksi zake zote.